Etiketi imetoka, gundi imebaki: kusafisha bokali na kopo la plastiki bila kulikwaruza

Hapa Goma, bokali la mayonezi likiisha halitupwi. Linakwenda kwa muuza asali, kwa mama wa pilipili ya kusaga, kwa mwenye karanga za kukaanga. Kinacholiharibia bei ni etiketi ya zamani. Karatasi inatoka, gundi inabaki, na gundi hiyo inakamata vumbi jeusi la barabara zetu mpaka bokali linaonekana kama limetoka garaji. Mnunuzi akilishika, vidole vinanata, naye analirudisha mezani.

Hapo ndipo watu huchukua mchanga, majivu au nyuzi za chuma za sufuria na kuanza kusugua. Gundi inatoka kweli, lakini kioo kinabaki na ukungu usiofutika. Mchanga wetu umetokana na mawe ya volkano, na ndani yake mna chembe ngumu zinazoweza kukwaruza kioo. Plastiki ndiyo usiseme. Sponji ya kijani nayo isikudanganye kwa ulaini wake, maana upande ule wa kusugulia umepakwa unga wa madini uliowekwa makusudi ili ukwaruze.

Gundi ya etiketi haihitaji nguvu. Inahitaji kitu cha kuilainisha, na muda. Kitu gani na muda gani, inategemea chombo chenyewe na kile hasa kilichobaki juu yake.

Geuza chombo kwanza, uangalie chini

Kioo kinajulikana. Kwa plastiki, tafuta chini ya kopo ile pembetatu ya mishale yenye namba katikati. Namba 1 ni plastiki angavu kama ya chupa ya maji. Namba 2 ni ile nzito isiyoonyesha vizuri, kama ya bidoni. Namba 5 ni ya makopo mengi ya majarini na vifuniko vinavyokunjika bila kuvunjika. Namba 6 ni ile kavu inayopasuka kwa mlio ukiibana.

Namba inakuambia mambo mawili: joto na dawa. Namba 2 na 5 ni ngumu kuzidhuru kwa dawa. Namba 1 inajikunja ikipata maji yanayokaribia kuchemka. Namba 6 inayeyushwa na disolva ya kufutia vernii ya kucha: ukiipaka tu, uso unakuwa mweupe na laini kama ubani uliotafunwa, na hakuna njia ya kuurudisha. Hata namba 1 inaweza kupata ukungu kwa disolva hiyo. Kama chombo hakina namba, kichukulie kuwa cha aina dhaifu na utumie mafuta ya kupikia peke yake.

Dalili: karatasi inachanika, nyuzi nyeupe zinabaki zimeshika

Sababu ni mbili, na mara nyingi zote ziko pamoja. Umevuta etiketi ikiwa baridi, na asubuhi za hapa gundi inakuwa ngumu. Halafu karatasi ina ngozi nyembamba inayong'aa juu yake, ndiyo maana maji hayaingii hata ukiloweka kutwa nzima.

Kwa kioo, pasha moto kutoka ndani. Changanya maji yaliyochemka na maji baridi nusu kwa nusu, jaza bokali, acha dakika chache. Kisha mwaga na ujaze tena, safari hii vikombe viwili vya moto kwa kimoja cha baridi. Tunapanda joto kwa hatua kwa sababu bokali baridi likipokea maji ya kuchemka ghafla linaweza kupasuka mkononi. Funga kifuniko bila kukaza sana, subiri dakika tano hadi kumi, halafu inua kona moja ya etiketi kwa ukucha na uivute polepole huku umeikunja irudi nyuma juu yake yenyewe. Ukivuta kwa haraka karatasi inachanika. Ukivuta polepole gundi inapata nafasi ya kuachia, na mara nyingine yote inaondoka na karatasi, kazi ikaishia hapo.

Kwa kopo la namba 1 usivuke ile hatua ya nusu kwa nusu.

Kama etiketi imeshachanika, kwaruza ile ngozi inayong'aa kwa ukucha ili maji yapate mlango, kisha loweka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kwa nusu saa. Angalia kinachotokea. Karatasi ikiteleza yote na kioo kikabaki safi, ilikuwa gundi ya kuyeyuka kwa maji, kama ile ya chupa nyingi za bia, usihangaike zaidi. Karatasi ikitoka kama uji na chini yake kukabaki utando unaonata, hiyo ni gundi ambayo maji hayaiwezi, hata uyaongezee sabuni ya namna gani. Ondoa karatasi yote kwanza, ukauke uso, ndipo usome sehemu inayofuata. Watu wengi hupaka mafuta juu ya karatasi yenye maji na kushangaa hayafanyi kazi, kumbe maji yamekwishajaa ndani ya nyuzi na mafuta hayana pa kupita.

Dalili: karatasi imekwisha, gundi inanata

Hii ndiyo inayowachosha wengi, basi tuifuate kwa bokali moja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jirani yangu anauza asali sokoni Virunga. Alikuwa na bokali la mayonezi ambalo upande mmoja ulikuwa na utando wa gundi ukubwa wa kiganja, mweusi kwa vumbi. "Nilisugua mpaka mkono ukachoka," akasema, "na kole iko tu palepale." Alikuwa amesugua kwa kitambaa kikavu na sabuni ya unga.

Nikamwambia, "Mama, usisugue tena. Vumbi hilo ndilo linalokwaruza." Na ndivyo ilivyo: kitambaa laini hakikwaruzi kioo, lakini gundi iliyojaa chembe za mchanga, ukiibana kwa kitambaa na kuizungusha, inafanya kazi ya msasa. Kwa hiyo bokali lilipita kwanza chini ya maji yanayotiririka, bila kuguswa, mpaka vumbi lililokaa juujuu likaondoka. Halafu likakaushwa kwa kulibonyezabonyeza na kitambaa.

Baada ya hapo likaja zamu ya mafuta. Yawe mafuta ya kupikia yasiyo na rangi, ya soya au alizeti. Mawese mekundu yanafanya kazi kwenye kioo, lakini kwa baridi yetu yanagandaganda, na kwenye plastiki rangi yake inaingia na kuacha doa la machungwa ambalo sabuni hailiwezi. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha bokali moja. Kwa kuwa mafuta hutiririka kwenye ukuta uliosimama, tulikunja karatasi ya choo mara mbili, tukailowesha kwa mafuta na kuifunga juu ya gundi kama bendeji. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, ili mafuta yasiingie ndani.

Mafuta hayaiyeyushi gundi kama maji yanavyoyeyusha sukari. Yanajipenyeza ndani yake kidogokidogo, yanaifanya iwe laini na kuikosesha nguvu ya kushika kioo. Ndiyo maana muda ni kitu cha lazima. Gundi mpya inaachia baada ya nusu saa. Hii ya jirani, iliyokuwa imekaa miezi, ilipewa usiku mzima. Ukitaka kujua kama imeiva, sukuma ukingo wake kwa kidole. Ikijikunja na kufanya vibonge vidogo, tayari. Ikivutika kama uzi, bado, rudisha bendeji.

Asubuhi gundi ilisukumwa kwa kipande cha plastiki bapa. Ile fremu inayobaki ukishatoa karti ya simu inafaa sana, kwani ni laini kuliko kioo na ina ukingo ulionyooka. Sukuma kwa mwelekeo mmoja tu, na kila baada ya msukumo pangusa ukingo wa fremu, usirudishe uchafu juu ya kioo. Nguvu ya kidole kimoja inatosha. Ukijikuta unabana meno, mafuta hayajamaliza kazi. Kwa bokali lile ilibaki mistari miwili myembamba pembeni, ikapakwa mafuta tena kwa muda mfupi, ikaondoka.

Sasa kuondoa mafuta yenyewe. Usiweke maji kwanza. Paka sabuni ya maji moja kwa moja juu ya mafuta, chombo kikiwa kikavu, zungusha kwa vidole mpaka iwe kama maziwa, ndipo uongeze maji ya uvuguvugu kidogokidogo. Ukianza na maji, sabuni inapungua nguvu kabla haijayashika mafuta, na utaosha mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Suuza, kausha. Mwishoni pangusa kwa pamba yenye alkoli ya farmasi, ile ya digrii 70 au 90. Na ndani nako kuoshwe upya kabla ya kutiwa chakula, hata kama kifuniko hakikufunguliwa.

Kopo la plastiki linafuata njia hiyohiyo, isipokuwa nguvu ipungue zaidi. Badala ya fremu tumia ncha ya kidole iliyofunikwa kitambaa cha pamba. Kuna wanaochanganya mafuta na bikabonati wafanye uji wa kusugulia. Kwenye kioo sina ubishi, bikabonati ni laini kuliko kioo. Kwenye plastiki angavu siipendi. Ukiigeuza kuelekea dirishani utaona duara za mikwaruzo midogo.

Dalili: gundi inasambaa badala ya kutoka

Ulianza na eneo la sarafu, sasa bokali zima linanata. Mafuta yalikuwa machache, au kitambaa kimekwisha kushiba gundi na sasa kinaigawa upya. Acha kupangusa. Ongeza mafuta juu ya eneo lote lililochafuka, subiri robo saa, kisha chukua kipande kipya cha karatasi na upanguse kutoka nje kuelekea katikati. Kila mpanguso na upande safi wa karatasi. Dawa ya hapa ni karatasi nyingi, wala si kitambaa kizuri.

Dalili: gundi imekuwa ngumu, ya njano, hata mafuta hayaigusi

Hii ni gundi iliyokaa kwenye jua, dirishani au juu ya meza ya soko. Jua limeikausha na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe, na mafuta hayapati njia ya kuingia. Kwa kioo, jaza maji ya moto ndani kwa zile hatua nilizoeleza, huku nje umefunga pamba yenye alkoli. Fanya hivyo mbali na mbabula, kwa maana mvuke wa alkoli unashika moto. Funika pamba kwa mfuko wa plastiki isikauke, na baada ya dakika kumi jaribu na fremu. Gundi nyingine za siku hizi zinakubali alkoli kuliko mafuta: zinavimba, zinakuwa nyeupe na kutoka kwa magamba. Isipokubali, na chombo ni kioo, disolva ya kucha kwenye pamba itamaliza. Pangusa mara moja na usuuze.

Kwa plastiki, alkoli ni sawa kwenye namba 1, 2 na 5, ukipangusa na kuacha. Jaribu kwanza chini ya kopo, eneo dogo, usubiri likauke. Ukiona weupe, acha hapohapo.

Vipi kuhusu petroli ya taa? Inatoa gundi, tena haraka, nami nimeona mafundi wakiitumia kila siku. Lakini plastiki za namba 2 na 5 zinainywa, na harufu haitoki tena. Kwa chombo cha chakula, siikubali hata nje ya kopo. Esansi ya pikipiki usiilete ndani ya nyumba kwa kazi hii, moto wa mbabula mmoja tu unatosha kuleta msiba.

Wembe nao una mahali pake: kioo bapa cha dirisha, kikiwa na maji ya sabuni. Tumbo la bokali limepinda, kwa hiyo wembe haulali. Unagusa kioo kwa pembe zake mbili, na pembe ndizo zinazochora.

Dalili: kimekauka, kina ukungu mweupe

Kila mtu akiuona ukungu huu anasema "kimekwaruzika". Mara nyingi sivyo, na kujua tofauti kunaokoa mabokali mengi.

Paka tone la mafuta kwa kidole juu ya ukungu, liache muda mfupi, kisha lioshe vizuri kwa sabuni. Ukungu ukipotea moja kwa moja, ulikuwa utando wa gundi uliobaki. Ukipotea wakati wa mafuta na kurudi palepale baada ya kuosha, inaweza kuwa mkwaruzo au chumvi ya maji. Hapo chukua nusu ya ndimu, pitisha juu, subiri dakika tano, suuza. Chumvi itaondoka, mkwaruzo utabaki.

Wanaochota maji ya ziwa Kivu wataikuta chumvi hii zaidi ya wengine, kwa kuwa maji ya ziwa yana madini mengi. Yakikauka juu ya kioo yanaacha alama. Zaidi ya hapo, sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo haitoi povu vizuri. Inatengeneza utando mweupe unaotelezateleza, ambao ukikauka unafanana kabisa na kioo kilichosuguliwa mchanga. Jirani aliyekuja na bokali lake la asali alikuwa na mengine mawili aliyokwisha kuyatenga kuwa mabovu. Yote mawili yalipona kwa ndimu. Kama maji yako ni ya ziwa, osha kwa sabuni ya maji badala ya kipande, na msuuzo wa mwisho uwe wa maji ya mvua, kisha kausha kwa kitambaa papo hapo badala ya kuacha yajikaukie.

Mkwaruzo wa kweli unaujua kwa mistari: ushike bokali kuelekea mwanga na uligeuze polepole. Chumvi na gundi ni mawingu, mkwaruzo ni nywele. Na plastiki iliyoumizwa na disolva haina mistari wala wingu linaloondoka, ni weupe ulio ndani ya plastiki yenyewe. Haina dawa. Mkwaruzo wa kioo nao hautoki kwa vitu vya nyumbani, lakini ukiwa mdogo unaweza kufunikwa na etiketi mpya, na asali haitauonja. Plastiki iliyokwaruzwa ndani, upande unaogusa chakula, ndiyo ya kuiacha, maana uchafu unajificha katika ile mistari. Itunzie misumari.

Dalili: kilikuwa safi, baada ya wiki mbili kinanata tena

Gundi haikurudi. Ni mafuta ya soya au alizeti ambayo hayakuoshwa yote. Yakikaa hewani yanakuwa mazito na kunata, kama ukuta wa jiko ulio karibu na mahali pa kukaangia. Paka mafuta mapya kidogo yalainishe yale ya zamani, kisha sabuni ya maji juu ya uso mkavu, kama mwanzo.

Dalili: etiketi mpya haishiki

Ni mafuta yaleyale, ila haya huyaoni. Kwa kioo kuna kipimo rahisi: mwagia maji safi. Yakitandaa kama shuka, kioo ni kisafi. Yakijikusanya kwa matone, bado kuna mafuta, rudia sabuni na alkoli. Kipimo hicho hakifai kwa plastiki, kwa sababu plastiki hufanya matone hata ikiwa safi. Huko bandika kipande cha skochi, kibonyeze, kivute. Kikitoka bila upinzani, mafuta yapo. Kikitoka kwa kung'ang'ania, bandika etiketi yako, na uibandike chombo kikiwa kikavu na kimepata joto la mkono, siyo asubuhi na mapema kikiwa kimetoka kwenye sakafu ya baridi.